Uko na Shida ya Moyo na Unataka Kufunga? Shida Kubwa Ni Ile Dawa ya Maji

Mwezi ukikaribia kuonekana, kuna swali hutembea kimyakimya kwa keja nyingi za Majengo, Eastleigh na Mombasa: mbuyu ako na moyo dhaifu, ako na mfuko mzima wa tembe, na ameapa atafunga kama kila mtu. Mathe anaogopa. Watoto wanaogopa. Lakini hakuna mtu anataka kuwa yule wa kumwambia mzee asifunge.

Sasa skia. Wagonjwa wengi wa moyo wenye hali imetulia wanaweza kufunga, bora mipango ianze mapema. Wengine hawafai hata kujaribu. Tuanze na hao wa pili, ju hapo hakuna kubembelezana.

Kama ulipata mshtuko wa moyo ndani ya wiki 6 zilizopita, usifunge. Kama umetoka kulazwa juzi ju ya kuvimba ama kukosa pumzi, usifunge. Kama unaishiwa na pumzi ukiwa umekaa tu kwa kochi, ama usiku unalala na mito mitatu ndio upumue, hivo hivo. Na kuna ile picha ya moyo inaitwa eko, inaonyesha moyo unasukuma asilimia ngapi ya damu kila ukipiga. Moyo fiti husukuma kama asilimia 55 hivi kwenda juu. Ikiwa yako iko chini ya 35, daktari mwenye anajua kazi yake atakwambia ukae kando mwaka huu. Dini yenyewe ilishakupea njia: Sura ya Al-Baqara, aya ya 184, inataja mgonjwa waziwazi. Utalipa siku ukipona, na kama ni ugonjwa wa kudumu kuna fidya ya kulisha maskini. Hiyo ongea na imamu wako.

Sasa wewe mwenye umeruhusiwa. Kitu inaangusha watu sana kwa mwezi huu si njaa. Ni dawa ya maji.

Dawa ya maji ni ile tembe ya kukukojoza, furosemaidi. Moyo ukiwa dhaifu, maji hujazana miguuni, tumboni na kwa mapafu, na hiyo tembe ndio huyatoa. Ukiimeza, inaanza kazi ndani ya saa moja na inakukimbiza choo kwa karibu masaa sita. Siku za kawaida unaimeza asubuhi na maisha inaendelea. Lakini Ramadhani hiyo asubuhi haiko. Watu wengi basi huihamisha wenyewe hadi daku, ju ndio saa inafanana na asubuhi.

Hapo ndio noma huanza. Ukiimeza saa 10:30 alfajiri, utakojoa hadi karibu saa 5 mchana, na huwezi kurudisha hata tone moja hadi magharibi. Ramadhani ya miaka hii inaangukia Februari na Machi, na unajua joto la Pwani wakati huo. Kufika saa 8 mchana damu imepungua maji, presha imeshuka, figo zinalia, na mzee akisimama kwenda kuswali adhuhuri anaona giza. Familia inasema ni swaumu imemkamata. Kumbe ni tembe.

Kwa hivyo dawa ya maji huhamishwa usiku, wakati unaweza kunywa. Sawa, lakini hata usiku kuna mtego, na sijawahi kuskia ukitajwa sana: tarawehe. Ukiimeza tu baada ya kufuturu saa 12:40, inakupiga vizuri kati ya saa 2 na saa 3 usiku, na hapo uko safuni na imamu bado ako mbali na kumaliza. Mzee anatoka mara mbili, anatawadha tena, anaona aibu. Siku ya tatu anaamua kuiacha hadi Idd, na haambii mtu. Wiki moja baadaye miguu imevimba hadi kiatu hakiingii.

Sasa uko na njia mbili. Ya kwanza, unaimeza ukifuturu na tarawehe unaswali nyumbani, karibu na choo. Ya pili, unaenda msikitini kwa amani na unaimeza ukirudi, kama saa 3:30. Hiyo ya pili itakuamsha usiku, hakuna kuficha, lakini by saa 9:30 hivi imemaliza kazi, na karibu unaamka kwa daku hata hivyo. Kama unaamka gizani ukiyumba, acha taa ya korido ikiwaka, ama uwe na ndoo kando ya kitanda. Mzee kuanguka akienda choo usiku si jambo dogo.

Tuchukue mfano wa mbuyu wa miaka 61, mwenye kibanda Gikomba. Alipata mshtuko wa moyo miaka miwili iliyopita, sasa moyo wake unasukuma asilimia 42, ana kilo 72, anatembea hadi steji bila kupumzika. Asubuhi humeza furosemaidi miligramu 40 na spironolaktoni 25. Asubuhi na jioni humeza karvedilolo na enalaprili. Mchana ni aspirini, na usiku ni atovastatini ya mafuta ya damu.

Anaenda kliniki mwezi mmoja kabla, si usiku wa kuamkia kufunga. Daktari anapima presha akiwa amekaa na akiwa amesimama, na anatuma damu iangaliwe figo na potasiamu. Zikiwa sawa, ratiba inapangwa upya. Karvedilolo inabaki mara mbili: moja na chakula cha futari, moja na daku. Hapa kwetu karibu na ikweta usiku wa kula ni kama masaa kumi na nusu, kwa hivyo mara mbili inawezekana. Enalaprili inabadilishwa iwe dawa ya aina hiyo hiyo lakini ya mara moja kwa siku, lisinoprili, na inamezwa akienda kulala. Si pamoja na karvedilolo, ju mbili zikigonga mara moja presha inaweza kushuka kama lifti. Aspirini inaenda baada ya futari, tumbo likiwa na kitu. Dawa ya maji na spironolaktoni, baada ya tarawehe. Atovastatini akilala.

Halafu anajaribu hiyo ratiba siku chache za Shaabani. Akiwa sawa, anaendelea. Akiyumba, kuna wakati wa kupunguza dozi kabla mwezi haujaanza. Kupunguza ni kazi ya daktari, usijigawie mwenyewe. Na kama dawa zako ni za mara tatu kwa siku, hizo haziingii kwa usiku mmoja hata ukizipanga aje. Zibadilishwe, ama usifunge.

Wewe mwenye uliwekewa stenti, kale kabomba kadogo ka waya ndani ya mshipa wa moyo, shika hii moja: ile tembe ya kuzuia damu kuganda usiruke hata siku moja. Klopidogreli ni mara moja, imeze na futari kila siku saa ile ile. Tikagrelori ni mara mbili, kwa hivyo futari na daku. Ukiiruka, damu inaweza kuganda ndani ya stenti na urudi pale pale ulipoanzia, ama pabaya zaidi.

Sasa kunywa. Kama daktari alikuwekea kipimo cha lita moja na nusu kwa siku, hicho kipimo hakibadiliki ati ju ulishinda mchana bila maji. Ni glasi sita za mililita 250, na zote lazima ziingie usiku. Moja ukifungua, moja na chakula, mbili zikigawanywa hadi kulala, moja na dawa za usiku, moja daku. Na uji unahesabiwa. Chai pia, supu pia, juisi ya ukwaju pia. Mzee akimaliza jagi moja la juisi saa 12:45, moyo dhaifu hauwezi kusukuma hayo yote kwa mpigo. Yanapanda kwa mapafu, na usiku anaketi kitandani akikohoa.

Chumvi ndio mshirika wa hiyo dhambi. Viazi karai, bajia, sambusa, supu ya mchemraba wa dukani: chumvi inashika maji mwilini na kukufanya uwe na kiu ya kunywa zaidi. Si lazima meza iwe ya huzuni, lakini sambusa moja si sita, na pilau ya mzee itolewe kando kabla chumvi ya pili haijaingia sufuriani. Madafu nayo, najua ni tamu, lakini yana potasiamu nyingi, na spironolaktoni na lisinoprili huzuia mwili kuitoa. Potasiamu ikizidi, mapigo ya moyo huharibika bila kukupigia hodi. Tende tatu ni sawa. Madafu ya kila futari si sawa.

Nunua mizani. Kila ukiamka kwa daku, nenda choo, kisha jipime kabla hujatia kitu mdomoni, na uandike kwa kalenda. Ukiongeza kilo mbili ndani ya siku tatu, hayo si mafuta ya pilau, ni maji yamebaki, piga simu kliniki siku hiyo hiyo. Ukishuka kilo mbili na kichwa kinazunguka ukisimama, umekauka, na hapo pia unahitaji daktari aangalie dozi.

Na kuna wakati wa kufungua bila kungoja adhana. Kifua kikibana. Pumzi ikikatika ukilala chali. Ukizimia ama ukikaribia. Moyo ukikimbia na hautulii. Fungua na uende hosi, hata kama imebaki dakika kumi. Ile tembe ya kuweka chini ya ulimi kwa maumivu ya kifua usiiogope pia: mwaka 1997 Baraza la Kimataifa la Fikihi ya Kiislamu, kwenye kikao cha Jeddah, lilisema haivunji swaumu bora usimeze kinachofika kooni. Lakini maumivu ya kifua yakija, swaumu si hesabu ya kufanya saa hiyo. Weka tembe, tafuta gari.

Kitu ya mwisho ni asubuhi ya Idd, ju hapo watu huchanganyikiwa. Jana usiku saa 3:30 ulimeza dawa ya maji, leo asubuhi unaona chai na unarudia ratiba ya zamani mara moja. Hiyo ni dozi mbili ndani ya masaa kumi. Kama daktari hakukupangia vingine, siku ya Idd imeze mchana kama saa 8, ukisharudi kutoka kwa swala na kutembelea watu, halafu kesho yake urudi asubuhi kama kawaida.