Moja kabla ya ishirini: kutaja hesabu kwa Kijerumani bila kuchanganya

Kanisa la CBCA la Goma ni mshiriki wa VEM, umoja wa misheni ambao ofisi yake ya Ujerumani iko Wuppertal. Kwa uhusiano wa namna hiyo, baadhi yetu tunapokea wageni Wajerumani, na wengine tunatumwa kwao. Salamu tunajifunza haraka. Hesabu ndiyo inayotukwamisha.

Siku moja tulikuwa tukiandika kwa simu bei ya viti 20. Ndugu wa upande wa pili alisema kila kiti ni *vierundfünfzig*. Tuliposikia *vier*, yaani nne, mkono uliandika 4. Tuliposikia *fünf*, uliandika 5. Tukapiga hesabu ya 45 × 20, tukapata Euro 900. Ankara ilipofika ilidai 1.080. Alikuwa amesema 54.

Chanzo cha kosa ni hiki. Kiswahili husema hamsini na nne, makumi mbele. Mjerumani husema nne-na-hamsini, kwa neno moja. Ndivyo ilivyo toka 21 hadi 99, isipokuwa makumi kamili. Kwa hiyo, unapoandika, usiweke tarakimu ya kwanza unayoisikia. Ngoja neno liishe, kisha andika yote mawili. Au acha nafasi ya makumi wazi, weka nne upande wa kuume, halafu jaza tano.

Kosa hilo lina alama yake. Ukigeuza tarakimu mbili, tofauti daima hugawanyika kwa 9. Sisi tulikosea Euro 9 kwa kila kiti, jumla 180, nayo ni 9 mara 20. Mhasibu akiona daftari mbili zinatofautiana kwa kiasi kinachogawanyika kwa 9, kwanza atafute tarakimu zilizogeuzwa.

Sikiliza pia mwisho wa neno. *Siebzehn* ni 17, *siebzig* ni 70. Herufi z husomwa "ts", nayo imo katika yote mawili. Kinachotofautisha ni *-zehn* au *-zig*. Ukiwa na shaka, uliza: *siebzehn, eins sieben?* Atajibu ndiyo au hapana.

Kwa bei, neno Euro hukaa katikati, mahali pa mkato. 3,45 € husomwa *drei Euro fünfundvierzig*. 1,10 € ni *ein Euro zehn*, si *eins Euro*. Euro haiongezwi s hata zikiwa nyingi: *zehn Euro*. Katika maandishi, nukta hutenga maelfu na mkato hutenga senti: 1.080,50 ni elfu moja na themanini na senti hamsini. Aliyezoea vitabu vya Kiingereza anaweza kuisoma kama moja na kitu kidogo.

Namba isiyo ya fedha hutumia neno *Komma*, na baada yake tarakimu hutajwa moja moja. Urefu wa 2,75 ni *zwei Komma sieben fünf*. Joto la mgonjwa la 38,5 ni *achtunddreißig Komma fünf*. Angalia kwamba kabla ya mkato ule ugeuzaji wa nane-na-thelathini unabaki.

Kwa simu, njia salama ni tarakimu moja moja. Msimbo wa nchi yetu, +243, sema *plus zwo vier drei*. Tunasema *zwo* badala ya *zwei* kwa sababu katika simu yenye kelele *zwei* na *drei* hufanana. Wajerumani wenyewe hufanya hivyo. Ukitaja +243, acha sifuri ya mwanzo ya namba ya hapa. Mjerumani akianza kutaja mbili mbili, kama *dreiundfünfzig*, mwambie: *Bitte Ziffer für Ziffer*, tarakimu kwa tarakimu. Kisha mrudishie namba yote.

Miaka ina desturi yake. Toka 1100 hadi 1999 huhesabiwa kwa mamia. Mwaka 1517, wa hoja za Lutheri, ni *fünfzehnhundertsiebzehn*, yaani mia kumi na tano na kumi na saba. Mwaka 1934, wa Tamko la Barmen, mtaa wa Wuppertal, ni *neunzehnhundertvierunddreißig*. Pale mwisho nne inatangulia thelathini tena. Toka 2000 tunarudi kwenye maelfu: 2024 ni *zweitausendvierundzwanzig*. Wala usiweke *in* mbele ya mwaka. Sema mwaka peke yake, au *im Jahr* kisha mwaka.

Tangu ile ankara ya viti, hatufungi simu kabla ya kusoma kila kiasi mara mbili: kwanza kwa neno zima, kisha tarakimu moja moja. *Vierundfünfzig: fünf, vier.*