Mkanda wa Kifuani: Kuuvaa, Kuulowesha na Kutambua Makosa ya Mapigo

Mkanda wa kifuani hupima mapigo ya moyo kwa kunasa umeme. Kila moyo unapojikaza, misuli yake hutoa umeme mdogo unaosambaa mwilini mpaka kwenye ngozi. Ukifika juu ya ngozi ya kifua, umeme huo huwa karibu milivolti 1 tu. Betri moja ya tochi, yenye volti 1.5, inauzidi mara 1,500. Kifaa kinachotafuta ishara dhaifu kiasi hicho huvurugwa kwa urahisi, na ndiyo maana namna ya kuuvaa mkanda huamua kama namba zitakazoonekana kwenye saa ni za kuaminika au la.

Upande wa ndani wa mkanda kuna elektrodi mbili, moja kushoto na nyingine kulia. Kwa kawaida ni vipande vya mpira mweusi unaopitisha umeme, au vya kitambaa kilichofumwa kwa nyuzi za aina hiyo. Mbele hubanwa kitumaji, kidude chenye betri na redio ndogo. Kitumaji hulinganisha umeme wa elektrodi moja na wa nyingine, hutafuta kilele kinachojitokeza kila moyo unapopiga, kisha hupima muda kati ya kilele na kilele. Muda huo ukiwa nusu sekunde, saa huandika mapigo 120 kwa dakika. Kampuni ya Polar Electro ya Kempele, Ufini, ilileta sokoni kipimo cha kwanza kisicho na waya cha aina hii mwaka 1982, na mikanda ya leo bado hufuata kanuni hiyo hiyo.

Kwa hiyo njia ya namba ina vipande viwili. Cha kwanza ni kutoka kwenye ngozi hadi kwenye elektrodi, cha pili ni kutoka kwenye kitumaji hadi kwenye saa au simu. Kipande cha kwanza kikiharibika, mara nyingi namba huja zikiwa za uongo. Kipande cha pili kikiharibika, namba hazifiki kabisa. Anayeijua tofauti hii hahangaiki kununua betri wakati tatizo lake ni ngozi kavu.

Kuvaa mkanda mahali pake

Mkanda hukaa chini ya misuli ya kifua, kitumaji kikiwa katikati, pale mfupa wa kidari unapoishia karibu na chembe cha moyo. Mwanamke huuvaa chini kidogo ya ukingo wa sidiria. Mkanda wa sidiria usiupande, kwa sababu nguo mbili zinazosuguana husogeza elektrodi kila hatua. Maandishi ya kitumaji yasomeke wima kwa mtu aliyesimama mbele ya mvaaji. Kikigeuzwa, kushoto na kulia hubadilishana, na kilele ambacho kifaa kinakitafuta huelekea chini badala ya juu. Baadhi ya vifaa huvumilia hali hiyo, vingine huanza kuruka mapigo.

Ukazo hupimwa kwa njia mbili rahisi. Kwanza, mvaaji avute pumzi ndefu mpaka kifua kitanuke: mkanda usimzuie kupumua. Pili, aruke mara kadhaa papo hapo: mkanda usiteremke wala elektrodi zisiachane na ngozi. Lastiki hulegea ikilowa jasho, kwa hiyo mkanda unaotosha kwa shida ukiwa mkavu utakuwa umeteremka tumboni baada ya nusu saa ya kukimbia. Ni afadhali kuanza na ukazo unaohisika waziwazi bila kuumiza.

Mwenye kifua kilichobonyea katikati, au mwenye nywele nyingi kifuani, anaweza kuukosa mgusano hata mkanda ukikaza. Dawa yake ni kuzungusha mkanda sentimita chache kushoto mpaka elektrodi zilale juu ya ngozi tambarare, au kunyoa pale tu zinapogusa.

Kulowesha elektrodi

Tabaka la juu la ngozi ni seli zilizokufa na kukauka, na hupitisha umeme kwa shida sana. Maji yenye chumvi hupitisha vizuri. Jasho lina chumvi hiyo, ndiyo sababu mkanda uliovaliwa mkavu husumbua mwanzoni kisha hutulia wenyewe mvaaji anapotokwa na jasho. Kulowesha ni kuuanzisha unyevu huo kabla ya jasho kufika.

Maji ya bomba yanatosha, kwa kuwa chumvi iliyoko kwenye ngozi huyeyuka ndani yake. Mate nayo hufaa, na wakimbiaji wengi huyatumia maji yakikosekana. Jeli inayotumiwa hospitalini kupimia umeme wa moyo ndiyo inayodumu zaidi, kwa sababu haikauki upesi kama maji, na humsaidia hasa mwenye ngozi kavu. Mafuta ya kujipaka hayafai. Hutandaza utando usiopitisha umeme kati ya ngozi na elektrodi, kwa hiyo aliyejipaka losheni asubuhi aoshe sehemu hiyo kwa sabuni kabla ya kuvaa mkanda.

Mpangilio mzuri ni kuurefusha mkanda kwanza, kulowesha elektrodi zote mbili kwa ukamilifu wake, kuufunga, kisha kusubiri dakika chache huku mtu akivaa viatu. Uso wote wa elektrodi ulowe, pembe zake pia, lakini si lazima kuchovya mkanda mzima. Vibano vya chuma vinavyoshika kitumaji vibaki vikavu. Kosa la kawaida ni kulowesha mkanda nyumbani, kuubeba mkononi hadi uwanjani, na kuuvaa umekwisha kukauka kwa upepo.

Makosa yanavyoonekana kwenye mchoro

Tuseme mkimbiaji wa Iten, Kenya, mji ulioko karibu mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, anatoka alfajiri. Hewa ni ya baridi na kavu, naye amevaa koti jepesi la naironi linalopepea. Anaanza polepole kabisa, akiweza kuzungumza bila kuhema, lakini saa inaandika 195, inashuka ghafla hadi 88, inapanda tena hadi 210. Baada ya dakika kama kumi namba zinatulia kwenye 132 na kubaki karibu na hapo, ingawa mwendo wake haujabadilika.

Mchoro huo unajieleza. Moyo hauruki kutoka 88 hadi 210 ndani ya sekunde mbili tatu kwa mtu anayekimbia mwendo ule ule. Halafu vurugu limekoma lenyewe jasho lilipoanza kutoka, jambo linaloonyesha kwamba mgusano haukuwepo mwanzoni. Kuna na koti: naironi na poliesta zikisuguana na ngozi katika hewa kavu huzalisha umeme tuli. Umeme huo huizidi kwa mbali ile milivolti 1 ya moyo, na kila koti linapopiga kifua kitumaji huhesabu pigo lisilokuwepo. Mwendesha baiskeli hukutana na kosa hili anapoteremka mlima kwa kasi huku fulana yake ikipepea.

Kesho yake mkimbiaji huyo hubadilisha mambo mawili: hulowesha elektrodi dakika tano kabla ya kutoka, na huvaa fulana inayobana chini ya koti. Fulana yenyewe ikiloweshwa kidogo pale inapopita juu ya mkanda, umeme tuli hupungua zaidi. Ikiwa mstari sasa unapanda taratibu kutoka mapigo ya mtu aliyesimama hadi 130 na ushei, chanzo kimepatikana, na namba za dakika kumi za jana hazifai kuingizwa kwenye wastani wa mazoezi yake.

Kosa la pili lina sura nyingine. Mwanzoni namba ni nzuri, kisha baada ya nusu saa zinaanza kurukaruka, hasa mtu akiongeza kasi. Hapo mkanda umelegea. Kila hatua huutikisa, na mkimbiaji hupiga hatua zipatazo 160 hadi 180 kwa dakika, kwa hiyo mtikisiko wenyewe unaweza kuhesabiwa kama mapigo. Kuukaza sentimita mbili au tatu hutosha.

Kosa la tatu ni pengo: mstari unakatika, au saa inaonyesha vistari badala ya namba. Hapa shaka huhamia kwenye redio au betri. Mikanda mingi hutumia mawimbi ya gigahezi 2.4, ambayo hupita kwa shida ndani ya mwili wa binadamu na humezwa upesi na maji. Simu iliyo kwenye mfuko wa nyuma ya suruali huzibwa na kiwiliwili, na saa iliyo ndani ya maji hupoteza mawasiliano. Baadhi ya vitumaji huhifadhi namba vyenyewe na kuzihamishia kwenye saa baada ya kuogelea. Pengo likitokea hata saa ikiwa karibu na kifua, hatua inayofuata ni kubadilisha betri bapa, ambayo huwa ya CR2025 au CR2032 kulingana na kifaa.

Betri hizo huisha mapema kwa sababu moja kubwa. Vitumaji vingi hujiwasha vinapohisi mkondo ukipita kati ya elektrodi mbili, na mkanda uliolowa jasho hutoa mkondo huo hata ukiwa umetundikwa msumarini. Kitumaji kichomolewe mara tu mazoezi yanapokwisha.

Kusafisha na kuchakaa

Baada ya kila matumizi mkanda usuuzwe kwa maji safi na kuanikwa. Chumvi ya jasho ikikaukia ndani ya kitambaa huacha ukoko unaokula nyuzi zinazopitisha umeme. Baada ya matumizi kadhaa uoshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, bila kusokotwa. Dawa ya kung'arisha nguo na ile ya kulainisha zisitumike. Ikiwa mkanda safi, uliolowa na kukaza bado unatoa namba za uongo huku kitumaji kikiwa na betri mpya, elektrodi zimechakaa. Katika vifaa vingi mkanda huuzwa peke yake, na kitumaji cha zamani huendelea kutumika.

Kipimo cha mwisho ni vidole. Mtu asimame, aweke vidole viwili kwenye kifundo cha mkono chini ya kidole gumba, ahesabu mapigo kwa sekunde 30 na kuzidisha kwa mbili. Vidole vikisema 110 na saa ikisema 200, mkanda ndio unaokosea. Lakini vidole navyo vikihisi mapigo ya kasi isiyolingana na kazi inayofanyika, au yasiyo na mpangilio, au mtu akasikia kizunguzungu au maumivu ya kifua, mazoezi yasitishwe na daktari aonwe. Mkanda huu ni chombo cha mazoezi, hautambui ugonjwa wa moyo. Mwenye kifaa cha kuongoza mapigo kilichopandikizwa kifuani amuulize daktari wake kabla ya kuuvaa.