Salio la Tili Halitoshi: Jinsi ya Kuandaa Urari wa Biashara Yako

Mwisho wa mwezi umefika. Unaangalia simu, tili inaonyesha salio la Sh35,300. Swali ni, hizo ni pesa za nani? Kuna za faida, kuna za mtaji, na kuna za muuzaji wa jumla ambaye hujamaliza kumlipa. Stetimenti ya simu haiwezi kukutenganishia, kwa sababu inaonyesha upande mmoja tu wa kila muamala: pesa zimeingia au zimetoka. Ili kuona pande zote mbili tunatumia urari wa majaribio, ile ambayo waliosomea biashara shuleni huiita trayo balansi.

Tuchukue mfano wa duka dogo la nafaka ambalo limefunguliwa mwezi huu. Ili hesabu isitusumbue, tuseme pesa zote zinapitia kwenye tili, hakuna noti za mkononi. Hii ndiyo miamala ya mwezi:

1. Mwenye duka ameweka mtaji wa Sh40,000.
2. Amenunua mahindi ya Sh25,000 na kulipa papo hapo.
3. Amelipa kodi ya duka, Sh6,500.
4. Amechukua maharagwe ya Sh12,000 kwa mkopo kutoka kwa muuzaji wa jumla.
5. Wateja wamenunua na kulipia kwa tili, jumla Sh31,000.
6. Ameuzia hoteli ya jirani maharagwe ya Sh7,500 kwa deni.
7. Amemlipa muuzaji wa jumla Sh5,000.
8. Hoteli imelipa Sh4,000.
9. Ametoa Sh3,000 za karo ya mtoto.
10. Ada za kutuma pesa mwezi mzima zimefika Sh200.

Hatua ya kwanza: kila muamala una pande mbili

Kwa kila muamala jiulize maswali mawili: thamani imeenda wapi, na imetoka wapi? Mahali ilikoenda ni debiti, unaandika kushoto. Mahali ilikotoka ni krediti, unaandika kulia.

Kodi ni rahisi. Pesa zimetoka kwenye tili, kwa hivyo tili ni krediti Sh6,500. Zimeenda kwa kodi, kwa hivyo kodi ni debiti Sh6,500.

Sasa angalia muamala wa nne, yale maharagwe ya mkopo. Simu haijatoa hata shilingi moja, kwa hivyo kwenye stetimenti huuoni kabisa. Lakini mali imeingia dukani: manunuzi ni debiti Sh12,000. Imetoka kwa muuzaji wa jumla, ambaye sasa anakudai: wadai ni krediti Sh12,000. Muamala wa sita ni vivyo hivyo. Hoteli imebeba mzigo bila kulipa, basi wadaiwa ni debiti Sh7,500 na mauzo ni krediti Sh7,500. Hii miwili ndiyo watu wengi husahau, kwa sababu hakuna meseji iliyoingia kuwakumbusha.

Jambo moja la kuangalia: kwenye stetimenti nyingi za benki, pesa zikiingia kwako huandikwa krediti. Si makosa. Benki inaandika kwa upande wake, na pesa zako ni deni ambalo wewe unaidai benki. Kwenye kitabu chako wewe, pesa zikiingia ni debiti.

Hatua ya pili: tafuta salio la kila akaunti

Fungua ukurasa mmoja kwa kila akaunti. Jumlisha kushoto, jumlisha kulia, kisha toa ndogo kwa kubwa. Kwa tili, zilizoingia ni 40,000 + 31,000 + 4,000, yaani Sh75,000. Zilizotoka ni 25,000 + 6,500 + 5,000 + 3,000 + 200, yaani Sh39,700. Salio ni debiti Sh35,300. Linganisha na simu yako hapo hapo. Kama hayalingani, simama kwanza urudi kwenye miamala, usiendelee.

Wadaiwa: hoteli ilichukua ya 7,500 ikalipa 4,000, imebaki Sh3,500. Wadai: deni lilikuwa 12,000, umelipa 5,000, limebaki Sh7,000.

Hatua ya tatu: panga masalio kwenye safu mbili

| Akaunti | Debiti (Sh) | Krediti (Sh) |
|---|---|---|
| Pesa kwenye tili | 35,300 | |
| Manunuzi | 37,000 | |
| Kodi | 6,500 | |
| Wadaiwa (hoteli) | 3,500 | |
| Matumizi ya mwenyewe | 3,000 | |
| Ada za miamala | 200 | |
| Mtaji | | 40,000 |
| Mauzo | | 38,500 |
| Wadai (muuzaji wa jumla) | | 7,000 |
| Jumla | 85,500 | 85,500 |

Zimelingana. Ona pia kwamba karo haikuingia kwenye gharama za duka. Imekaa peke yake kama matumizi ya mwenyewe, kwa sababu duka halina mtoto shuleni.

Zikikataa kulingana je?

Usianze kila kitu upya. Toa jumla ndogo kwa kubwa, halafu isome hiyo tofauti, maana mara nyingi inakuonyesha mahali pa kutafuta.

Tofauti ikiwa Sh200, tafuta kiasi hicho hicho kwenye orodha. Labda ulichukua salio la tili moja kwa moja kutoka kwa simu, ambapo ada zimeshakatwa, lakini hukuziandika kama gharama. Kosa hili ni la kawaida sana kwa wanaotumia pesa za simu.

Kama hupati kiasi hicho, gawanya tofauti kwa mbili. Ukiweka matumizi ya mwenyewe ya Sh3,000 upande wa krediti, kushoto kutakuwa 82,500 na kulia 88,500. Tofauti ni 6,000, na nusu yake ni 3,000. Hapo unajua ni salio gani limekaa upande usio wake.

Bado? Jaribu kugawanya kwa tisa. Ukiandika mauzo 35,800 badala ya 38,500, tofauti ni 2,700, ambayo inagawanyika kwa tisa bila kubaki kitu. Hiyo ni dalili kwamba umebadilishana tarakimu.

Kulingana si kuwa sawa

Hapa ndipo wengi hunaswa. Tuseme umekopa Sh10,000 kwa simu zikaingia kwenye tili, nawe ukaziandika kama mauzo. Debiti imeongezeka kwa 10,000 na krediti pia 10,000. Urari utalingana vizuri kabisa, lakini mauzo yako yataonekana ni Sh48,500, na deni halionekani popote. Utaanza kutumia pesa ukidhani ni za biashara, kumbe siku ya kulipa inakaribia. Muamala uliosahau kabisa, pande zote mbili, nao hautaonekana.

Kwa hivyo ukishalinganisha, chukua stetimenti upitie kila pesa iliyoingia: hii ni ya mteja, ni mkopo, au ni pesa zako mwenyewe? Kisha pitia daftari la madeni, kwa sababu hayo stetimenti haiyajui.

Na usitafute faida kwenye urari. Manunuzi ya Sh37,000 yana gunia ambalo bado liko dukani. Hesabu kwanza mali iliyobaki, ndipo uweze kusema mwezi umeleta faida au hasara. Lakini kuhusu zile Sh35,300 za tili, jambo moja sasa liko wazi: Sh7,000 kati yake tayari zina mwenyewe, na si wewe.