Maulidi ya Lamu: Namna ya Kufuata na Kuitikia

Mwezi wa Mfungo Sita, ambao kwa Kiarabu huitwa Rabiul Awwal, ndio mwezi aliozaliwa Mtume wa mwisho, Muhammad (S.A.W.). Katika mwezi huu wakaazi wa Lamu na wageni kutoka pwani nzima hukusanyika kusoma Maulidi, yaani kisa cha kuzaliwa kwake na sifa zake kwa kuimba. Kila mwaka wapo wanaohudhuria wakakaa nyuma, kimya, wakidhani kwamba asiyejua Kiarabu hana sehemu yake. Vijana wengi, na hata watu wazima waliohamia kaunti hii kutoka bara, wamo katika kundi hilo.

Ukweli ni kwamba maulidi yamepangwa kwa namna inayompa kila aliyehudhuria kazi ya kufanya. Msomaji ana kitabu, lakini kiitikio ni cha watu wote. Makala haya yanaeleza mpangilio huo ili mkaazi ajue aitikie lini, asimame lini, na ajifunze vipi.

Kitabu kinachosomwa

Pwani yetu ina vitabu viwili vinavyosomwa zaidi. Cha kwanza ni Barzanji, kilichotungwa Madina katika karne ya 18 na Jaafar al-Barzanji. Hiki ndicho husomwa sana majumbani, kwenye arusi, mtoto anapozaliwa au mtu anapohamia nyumba mpya. Akina mama pia hukisoma katika vikao vyao wenyewe.

Cha pili ni Simtud Durar, maana yake uzi wa lulu. Mtungaji wake ni Habib Ali bin Muhammad al-Habshi wa Seiwun, Hadhramaut, aliyefariki mwaka 1915. Ndiyo maana watu huyaita Maulidi ya Habshi. Aliyeyaimarisha Lamu ni Habib Saleh, sharifu wa ukoo wa Jamalilail aliyetoka Ngazija na kufanya makao yake hapa. Msikiti wa Riyadha, ulioko Langoni, ulitokana na kazi yake ya kufundisha. Darasa zake ziliwapokea pia maskini na watu waliotoka katika utumwa, ambao zamani hawakupewa nafasi ya kusoma. Aliwaruhusu kumsifu Mtume kwa matwari, jambo ambalo baadhi ya watu wa zama zake walilipinga. Habib Saleh alifariki mwaka 1935, na maulidi ya Riyadha yanaendelea mpaka leo.

Vitabu vyote viwili vimeandikwa kwa maneno ya nathari yenye vina, si mashairi matupu. Msomaji huyasoma kwa mahadhi, na kati ya fungu na fungu huingia beti za kuimbwa. Hapo ndipo sauti ya wengi inapohitajika.

Usiku mmoja, hatua kwa hatua

Maulidi ya Riyadha hufikia kilele Alhamisi ya mwisho ya Mfungo Sita. Usiku huo mikeka hutandikwa uwanjani mbele ya msikiti. Wasomaji na masharifu hukaa mbele. Wanafunzi wenye matwari hukaa kwa safu, na watu wengine hujaza nafasi iliyobaki. Wanawake wana sehemu yao waliyotengewa.

Kikao hufunguliwa kwa Fatiha, inayosomwa na kila mtu kwa sauti ya chini. Kisha huimbwa beti za mwanzo za kumsalia Mtume. Kiongozi huimba ubeti mmoja peke yake, na umati humjibu kwa ubeti wa kiitikio. Kiitikio hicho hakibadiliki. Mtu asiyekijua akisikiliza mara tatu au nne za mwanzo atakuwa ameshakishika, na mara ya tano anaweza kujibu pamoja na wenzake.

Baada ya hapo msomaji wa kwanza huanza fungu la kwanza. Wakati wa kusoma matwari hunyamaza, na watu husikiliza. Mwisho wa fungu hutambulika kwa urahisi, kwani msomaji huvuta sauti na kuishusha, na umati huitikia kwa kumsalia Mtume. Kitabu hupewa msomaji mwingine, naye huendelea. Katikati ya mafungu huingia kaswida, na hapo matwari hupigwa na safu za vijana huyumba pamoja kulia na kushoto.

Kisa kikifika mahali Mtume anapozaliwa, watu wote husimama. Kisimamo hiki huitwa kiamu. Ni heshima, kama mtu anavyosimama kumpokea mgeni mtukufu. Mgeni atajua kwamba kiamu kinakaribia akiona wazee wanakusanya kanzu zao na chetezo cha udi kinaletwa. Watu wakiwa wima huimba beti za kumpa Mtume salamu, ambazo ndizo zinazojulikana zaidi kuliko zote. Chetezo hupitishwa, na mwenye mrashi hunyunyiza marashi. Anayefikiwa hukinga viganja viwili, kisha hujipaka usoni na nguoni.

Watu wakishakaa, mafungu yaliyobaki hueleza tabia na umbo la Mtume. Mwisho kabisa ni dua. Msomaji huomba, na umati huitikia amin baada ya kila ombi. Halua, kahawa au chakula hufuata baada ya dua, si kabla yake. Siku ya Ijumaa huwa na ziyara kwenye kaburi la Habib Saleh, na zefe, yaani matembezi ya kaswida na matwari mitaani.

Beti za Kiswahili

Si kila kinachoimbwa ni Kiarabu. Washairi wa Lamu na Pate wamemsifu Mtume kwa Kiswahili kwa karne kadhaa. Hamziya, shairi la Kiarabu la al-Busiri la karne ya 13, lilifasiriwa zamani na Sayyid Aidarus wa Pate. Barzanji nayo ilifasiriwa na Sayyid Mansab wa Lamu, aliyefariki mwaka 1922.

Anayetaka kuzifuata beti za namna ya utenzi ajue mambo mawili: mizani na kina cha mwisho. Ubeti huu umetungwa kwa ajili ya makala haya ili kuwa mfano:

Kwa jina lake Karima
naanza kutaja wema
wa Tumwa mwenye rehema
Muhamadi mpendewa

Kila kipande kina mizani 8, na ndiyo sababu mahadhi moja hutosha kwa utenzi mzima hata ukiwa na mamia ya beti. Vipande vitatu vya kwanza vina kina kimoja, hapa ni "ma", na katika ubeti unaofuata kina hicho hubadilika. Kipande cha nne ndicho hakibadiliki: kama kimeishia "wa" katika ubeti wa kwanza, kitaishia "wa" mpaka mwisho. Kwa hiyo msikilizaji akisikia kina hicho anajua ubeti umetimia. "Tumwa" ni neno la washairi wa Kiamu lenye maana ya Mtume. Maneno kama hayo huwatatiza vijana, na dawa yake ni kumuuliza mzee au mwalimu wa madrasa.

Makosa yanayoharibu kikao

Kosa la kwanza ni mwendo. Kiongozi akianza kaswida haraka mno, umati hukosa pumzi na kiitikio hukatika kabla ya kumalizika. Dalili yake ni kwamba sauti za wazee hupotea na kubaki za vijana waliokaa karibu na matwari. Kiongozi mzoefu akiona hivyo hupunguza mwendo katika ubeti unaofuata, bila kusimamisha wimbo.

Kosa la pili ni twari lililolegea. Ngozi hulegea kwa unyevu wa usiku, hasa karibu na bahari, na sauti yake huwa nzito na butu badala ya kulia kwa ukali. Matwari huoteshwa moto kwa mbali kabla ya kikao ili ngozi ikaze. Yakiwekwa karibu sana, ngozi hupasuka.

Kosa la tatu ni la wahudhuriaji. Kupita mbele ya wasomaji wakati wa kiamu, kuzungumza fungu linaposomwa, au kusimama katikati ya safu ili kupiga picha huwakatiza wengine. Anayechelewa akae mahali alipopata nafasi, na asubiri mwisho wa fungu kabla ya kusogea.

Namna ya kujiunga

Anayeanza asingoje usiku mkubwa. Maulidi ya nyumbani au ya msikiti wa mtaa ni mafupi, watu ni wachache, na ni rahisi kumsikia aliye kando yako anasema nini. Kwanza ajifunze kumsalia Mtume, kwa sababu jibu hilo hurudi katika kila kikao. Kisha ashike kiitikio kimoja cha mwanzo na beti za kiamu. Kwa hayo matatu anaweza kushiriki sehemu kubwa ya maulidi yoyote ya pwani. Anayetaka kusoma fungu au kupiga twari aende madrasa, kwa kuwa matamshi na mapigo hufundishwa kwa kumsikiliza mwalimu na kurudia mbele yake.

Mavazi yawe ya stara. Wanaume wengi huvaa kanzu na kofia, na wanawake huvaa buibui au kujitanda leso. Viatu huvuliwa kabla ya kukanyaga mkeka. Asiye Mwislamu anaweza kutazama uwanjani na kwenye zefe. Akitaka kuingia msikitini awaombe ruhusa wenyeji kwanza. Zefe linapopita katika vichochoro, wenye punda na mikokoteni wasubiri pembeni, na watoto wadogo washikwe mkono.

Ifahamike pia kwamba Waislamu hawana kauli moja juu ya maulidi. Wapo wasioyahudhuria kwa hoja kwamba hayakufanywa na Waislamu wa mwanzo. Kuhudhuria ni hiari, na majirani wa pande zote mbili wameishi pamoja katika mitaa hii.

Kuhusu tarehe, mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku 10 au 11, kwa hiyo maulidi huja mapema zaidi kila mwaka katika kalenda ya jua. Tarehe 12 ya Mfungo Sita iliangukia katikati ya Septemba mwaka 2024, na mwanzoni mwa Septemba mwaka 2025. Siku kamili hutegemea kuandama kwa mwezi. Anayepanga safari ya boti au malazi aulize kwanza msikitini mwezi ulionekana lini, kisha ahesabu Alhamisi mpaka ya mwisho. Akumbuke pia kwamba katika hesabu ya Kiislamu siku huanza magharibi, hivyo usiku wa Alhamisi huhesabiwa kuwa ni usiku wa Ijumaa.