Nyutroni Huiona Haidrojeni na Sumaku Zisizoonwa na Eksirei

Ukimulika kipande cha barafu kwa eksirei ili uchore ramani ya atomu zake, kila oksijeni utaipata mahali pake, lakini haidrojeni utaziona kwa shida sana. Eksirei hutawanywa na elektroni. Oksijeni inazo 8, haidrojeni ina 1, na ukali wa miale inayotawanywa hufuata mraba wa idadi hiyo. Kwa hiyo oksijeni hung'aa takriban mara 64 zaidi, na kuitafuta haidrojeni ni kama kumtafuta kimulimuli kando ya karabai.

Nyutroni haina chaji, hivyo hulipenya wingu la elektroni na kutawanywa na kiini cha atomu. Uwezo wa kiini kuitawanya hauongezeki kwa kufuata uzito wa atomu; kila kiini kina tabia yake. Kipimo cha oksijeni ni femtometa 5.80, na cha deuteri, yaani haidrojeni nzito, ni 6.67. Aliyekuwa hafifu sasa anamzidi jirani yake.

Mwaka 1949, kule Oak Ridge, Tennessee, Wollan, Davidson na Shull walimulika barafu ya maji mazito kwa nyutroni za kinu cha nyuklia. Linus Pauling alikuwa ametabiri mwaka 1935 kwamba kati ya oksijeni mbili jirani kuna vituo viwili, na haidrojeni hukalia kimojawapo tu, bila mpangilio maalumu. Vipimo vilikubaliana naye. Maji mazito yalihitajika kwa sababu haidrojeni ya kawaida huzitawanya nyutroni ovyo, ikatandaza ukungu unaofunika ishara inayotafutwa.

Ajabu kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni ya usumaku. Ingawa haina chaji, nyutroni yenyewe ni kisumaku kidogo, na atomu yenye elektroni zisizo na wenza huihisi. Mwaka huohuo Shull na Smart walipoza oksidi ya manganisi hadi takriban nyuzi 193 chini ya sifuri. Vilele vipya vikajitokeza, kimoja kwenye pembe ndogo kuliko vyote, na pembe ndogo humaanisha mpangilio unaojirudia kwa umbali mrefu zaidi. Umbali huo ulikuwa maradufu ya ule ulioonyeshwa na eksirei: sumaku za manganisi zilipangika kwa tabaka, moja ikielekea huku, inayofuata ikielekea kinyume. Kwa joto la kawaida vilele hivyo hutoweka ilhali atomu zimebaki palepale. Ndivyo tunavyojua kwamba chanzo chake ni usumaku.

Gharama yake ni kwamba mihimili ya nyutroni ni dhaifu, kwa hiyo sampuli huwa kubwa na upimaji huchukua muda mrefu.

Shull alipata Tuzo ya Nobeli ya fizikia mwaka 1994. Wollan, aliyeianza naye kazi hiyo, alikuwa amefariki miaka 10 kabla.