Kidole Hakitoshi Bila Namba

Ukinunua simu janja mpya, baada ya lugha na intaneti hukuuliza ungependa kuifunga kwa njia gani. Wengi tunachagua kilicho chepesi na kuendelea. Lakini humo ndani kuna pesa ya M-Pesa, picha za watoto, mazungumzo ya familia na pengine akaunti ya benki. Njia zinazotumika zaidi ni nne: namba ya siri, yaani PIN, mchoro wa kuunganisha nukta ambao wengi huuita patani, alama ya kidole, na uso. Hazilingani, wala hazifanyi kazi moja.

Kwanza tuelewe mpangilio wake. Simu haikuruhusu kusajili kidole wala uso kabla hujaweka PIN, patani au nywila. Kidole kikikataa mara kadhaa, simu hudai namba. Ukiizima na kuiwasha, hudai namba. Kwa hiyo PIN ndiyo kufuli lenyewe, na kidole ni njia ya mkato ya kulifungua. Mtu aliyeweka kidole juu ya PIN ya 1234 amefunga mlango wa mbele kwa komeo la chuma na kuuacha wa uani wazi. Mwizi hana haja ya kidole chako. Atagusa skrini, ataletewa kibao cha namba, na ataanza na 1234, kisha 0000, kisha mwaka wako wa kuzaliwa.

Kwa hesabu tupu, patani ingeonekana bora kuliko PIN. Nukta tisa za Android zinatoa michoro 389,112, ilhali PIN ya tarakimu nne ina uwezekano 10,000 tu. Lakini kibaka hakai kujaribu yote, kwa kuwa simu humsimamisha kila anapokosea mara chache. Anachotegemea ni kukuchungulia. Hapo ndipo patani inapoanguka, maana jicho hukumbuka umbo kwa wepesi kuliko mfululizo wa namba. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani waliwaonyesha watu video za simu zikifunguliwa. Kwa kutazama mara moja tu, watu waliweza kuirudia patani ya nukta sita takriban mara 64 katika kila 100. PIN ya tarakimu sita waliipata mara 11 hivi.

Patani ina tatizo la pili, nalo unaweza kulijaribu sasa hivi. Futa kioo cha simu kwa kitambaa, chora patani yako mara moja, kisha zima skrini na uinamishe simu chini ya taa. Utauona mstari wa mafuta ya kidole ukikatiza kioo, kona kwa kona. PIN nayo huacha madoa, lakini madoa hayasemi ipi ilitangulia. Namba nne tofauti zinaweza kupangwa kwa njia 24, na sita tofauti kwa njia 720. Kama patani umeizoea na huwezi kuiacha, ingia kwenye mipangilio ya kufunga skrini uzime ile mistari inayoonekana unapochora. Walioizima katika utafiti uleule walichunguliwa kwa shida zaidi, ingawa bado PIN ya tarakimu sita iliwashinda.

Uso unahitaji tahadhari ya peke yake, kwa sababu jina ni moja na vitu ni viwili. iPhone zenye Face ID, iliyoanza mwaka 2017, humulika usoni nukta zaidi ya 30,000 za mwanga usioonekana na kupima kina cha pua, macho na mashavu. Apple yenyewe inasema uwezekano wa mtu baki kuifungua ni mmoja katika 1,000,000, ukiacha mapacha na ndugu wanaofanana sana. Simu nyingi za Android za bei nafuu hazina vifaa hivyo. Hutumia kamera ileile ya selfi na kulinganisha picha na picha. Ipime yako: mwombe mwenzako akupige picha ya karibu kwa simu yake, kisha weka picha hiyo mbele ya simu yako. Ikifunguka, futa uso huo leo. Dalili nyingine ni programu ya benki: ikiwa simu inafunguka kwa uso lakini programu inakubali kidole peke yake, huenda mfumo wa simu wenyewe umeuweka uso huo katika daraja la chini, usitumike kwenye mambo ya pesa.

Sasa tumchukulie mama lishe wa Buguruni. Simu yake ipo mezani kando ya sufuria, wateja wamemzunguka, na kila baada ya dakika chache anaifungua kuhakikisha malipo yameingia. Patani haimfai hata kidogo, kwa vidole vyenye mafuta na watu wanaomtazama. PIN peke yake ingemlazimu kuiandika mbele ya macho mengi kutwa nzima. Kinachomfaa ni PIN ya tarakimu sita, kisha kidole juu yake, ili namba hiyo aiandike asubuhi nyumbani na mara chache sana mezani. Faida kubwa ya kidole ni hii hasa: kinaificha PIN kwa kukuepusha kuiandika hadharani.

Kidole nacho kina masharti. Kikiwa na maji au unga hakisomeki. Mafundi wanaoshika saruji hulika mistari ya vidole mpaka simu ikawakataa. Basi asajili akiwa amenawa na kukauka, kidole gumba akisajili mara mbili kama viwili tofauti, na cha mkono mwingine kama akiba. Na PIN ya kufungulia simu isiwe ile ya M-Pesa. Aliyekuchungulia ukifungua simu, kisha akaipora, asikute kwamba umeshampa na ufunguo wa pesa.

Kufuli la skrini lina mipaka yake. Simu ikinyakuliwa na bodaboda ikiwa wazi mkononi mwako, haijafungwa, hivyo weka ijifunge yenyewe baada ya sekunde 30. Mwizi anaweza pia kuchomoa laini na kuiweka kwenye simu yake, apokee ujumbe wenye namba za uthibitisho. Dawa yake ni PIN ya laini, ambayo huwekwa kwenye mipangilio ya usalama. Uwe na namba ya PUK kwanza, kwani ukikosea PIN hiyo mara tatu laini hujifunga.

Mwisho, kidole na uso havijui kusema hapana. Aliyelala huweza kushikwa kidole kikawekwa kwenye simu, na anayetishwa huweza kuelekezewa simu usoni. Ukipanda basi la usiku kwenda Mwanza, au ukilala gesti usiyoijua, zima simu kabisa kabla ya kusinzia. Itakapowashwa, haitakubali kidole wala uso mpaka namba iandikwe, na namba hiyo, kama umeichagua vizuri, unaijua wewe peke yako.