Kuzuia Simu Moja Isiingie Kwenye Wai-fai Yenu

Wapangaji wanaochangia intaneti moja wanalijua tatizo hili. Mwenzao anahamia nyumba ya jirani na kuacha kuchangia, lakini mawimbi ya ruta bado yanamfikia na nenosiri limo kwenye simu yake. Mkibadili nenosiri atatoka, ila na ninyi mtatoka naye: runinga, printa na kamera ya getini vyote vitataka kuandikiwa nenosiri jipya, kimoja baada ya kingine. Ruta nyingi zina njia ya kumzuia huyo mmoja na kuwaacha wengine waendelee.

Ukiwa umeunganishwa na wai-fai hiyo, fungua kivinjari na uandike anwani ya ruta. Mara nyingi ni `192.168.0.1` au `192.168.1.1`, na kwa kawaida huandikwa kwenye kibandiko kilicho chini ya ruta. Ingia kwa nenosiri la msimamizi, ambalo ni tofauti na lile la wai-fai. Kwenye ruta nyingi za TP-Link Archer, fuata `Advanced`, kisha `Security`, kisha `Access Control`. Washa sehemu hiyo, chagua `Blacklist`, weka tiki kwenye kifaa unachotaka kukizuia katika orodha ya vilivyounganishwa, halafu bonyeza `Block`. Ruta za kampuni nyingine hutumia majina tofauti kidogo, kama `MAC Filter`, lakini kazi ni ileile.

Ugumu upo katika kukitambua kifaa chenyewe. Orodha inaweza kuonyesha simu mbili za aina moja, na nyingine imeandikwa `Unknown` tu. Usibahatishe. Waombe wenzako wote wazime wai-fai kwenye vifaa vyao, wasisahau runinga na kamera, kisha subiri dakika chache na ufungue upya orodha, kwa sababu ruta huchelewa kumfuta aliyetoka. Kitakachobaki pamoja na kifaa unachokitumia wewe ndicho cha mgeni.

Tuseme kilichobaki kina anwani ya MAC hii:

```
6A-3F-12-9C-04-D7
```

Hiyo ndiyo ruta inayoizuia. Ruta haimjui mwenye simu wala haijali jina la simu. Inatazama tarakimu na herufi hizo 12 tu. Sasa angalia alama ya pili kutoka kushoto, ambayo hapa ni A. Ikiwa ni 2, 6, A au E, hiyo kwa kawaida si anwani iliyotoka nayo kiwandani, bali ni ya kubuni, ambayo simu imejitengenezea ili isifuatiliwe kila inapokwenda. Simu nyingi za Android tangu toleo la 10 la mwaka 2019, na iPhone tangu iOS 14 ya mwaka 2020, hufanya hivyo zenyewe.

Hapa ndipo kizuizi kinapoweza kupenya. Jirani akiingia kwenye mipangilio ya wai-fai na kuchagua kutumia anwani halisi ya simu, ruta itaona kifaa kigeni kabisa, kisichokuwamo kwenye orodha ya waliozuiwa, na itampokea. Kwa hiyo ukishamzuia, irudie orodha baada ya siku chache. Ukiona simu mpya ambayo hakuna mwenzenu anayeitambua, huenda ni yeye amerudi kwa anwani nyingine.

Akirudi hivyo, geuza utaratibu: chagua `Whitelist`, ambayo huruhusu tu vifaa vilivyoandikwa na kukataa vingine vyote. Anza kwa kuandika kifaa unachokitumia wakati huo, la sivyo utajifungia nje mwenyewe. Kisha andika vifaa vya wenzako, na kila simu yenye anwani ya kubuni iwekwe itumie anwani moja isiyobadilika kwenye wai-fai yenu. Kwenye iPhone zenye iOS 18, fungua `Private Wi-Fi Address` na uchague `Fixed` badala ya `Rotating`. Usumbufu wake ni kwamba kila mgeni wenu atahitaji kuandikwa kwanza.

Badilisha pia nenosiri la msimamizi kama bado ni lile la kwenye kibandiko. Anayelijua anaweza kuingia kwenye ruta kupitia simu ya rafiki yake aliyemo ndani na kuliondoa jina lake kwenye orodha.

Ila njia zote mbili huzuia kifaa; nenosiri la wai-fai bado analo mtu. Kwa jirani anayejiunganisha kwa mazoea, `Blacklist` inatosha. Kwa anayejua kunakili anwani ya kifaa kilichoruhusiwa, hata `Whitelist` haimzuii. Huyo dawa yake ni kubadili nenosiri, na runinga na kamera mtaziandikia upya.